Orodha imepangwa kwa rafu, mbona mchukuaji bado anarudi nyuma?

Umepanga orodha ya kuchukulia bidhaa kwa kufuata anwani za rafu, umeichapisha, mtu amechukua toroli na kuingia stoo. Baada ya dakika chache unamwona anapita korido aliyokwisha kuipita. Wengi hudhani mtu huyo hasomi vizuri. Mara nyingi anasoma sawasawa, na orodha ndiyo inayomzungusha.

Usianze kubadilisha fomula. Anza na karatasi. Chora stoo yako kwa juu: korido zote, mapito ya mbele na ya nyuma, na meza ya kufungia mizigo. Chukua orodha moja ya kweli iliyotumika leo, weka 1 mahali pa mstari wa kwanza, 2 pa mstari wa pili, hadi mwisho. Kisha unganisha namba hizo kwa penseli, ukifuata mapito ambayo mtu anaweza kupita kwa miguu. Kila kosa la upangaji lina umbo lake, na ukishaliona umbo hilo kwenye karatasi huhitaji kubahatisha chanzo.

Tutumie stoo moja katika maelezo yote. Ina korido nne, A hadi D, zilizo sambamba na kuachana mita 2. Kila korido ina rafu 12, kila moja na upana wa mita 1, na rafu ya 1 iko mbele. Kwa hiyo rafu ya 7 tuihesabu kuwa mita 7 kutoka mapito ya mbele, na mapito ya nyuma yako kwenye mita ya 13. Meza ya kufungia iko mbele, kwenye mdomo wa korido A. Mchukuaji anaanzia hapo na kurudi hapo. Oda yetu ina mistari minane: korido A rafu ya 3 na ya 10, B rafu ya 2 na ya 11, C rafu ya 4 na ya 12, D rafu ya 5 na ya 9.

Dalili: rafu ya 10 inatangulia rafu ya 3

Kwenye mchoro utaona mtu anaingia ndani kabisa ya korido, kisha anarudi mbele, halafu anakwenda tena ndani kabisa ya korido inayofuata. Kwenye orodha yenyewe utasoma A-10, A-3, B-11, B-2.

Chanzo ni kwamba kompyuta inaisoma anwani kama maneno, herufi moja baada ya nyingine. Ikifika kwenye "1" ya A-10 na "3" ya A-3, inaona 1 ni ndogo kuliko 3 na kumaliza kazi hapo. Haijui kwamba 10 ni kumi. Kwa oda yetu, mpangilio huu unamtembeza mtu mita 92.

Tiba ni kuandika namba zote kwa tarakimu zilezile: A-03, A-10. Kama anwani ziko kwenye safu A ya Excel, fomula hii itaziongezea sifuri inayokosekana:

```
=LEFT(A2,2)&TEXT(MID(A2,3,2),"00")
```

Badilisha na vibandiko vya kwenye rafu, visibaki vya zamani. Mtu anayetafuta A-03 na kuona kibandiko cha A-3 hatapotea, ila siku atakapoingiza bidhaa mpya ataandika anachokiona kwenye rafu, na kosa litarudi.

Dalili: kila korido inaanzia upya mbele

Umeongeza sifuri, orodha sasa inasomeka A-03, A-10, B-02, B-11, C-04, C-12, D-05, D-09. Inapendeza machoni. Pima sasa: mita 84. Umeokoa mita 8 tu, na watu wengi huishia hapa wakiamini wamefika.

Angalia mchoro. Mtu amemaliza A-10, yuko karibu na mapito ya nyuma, lakini mstari unaofuata unamtaka B-02 iliyo mbele. Anatembea mita 14 bila kuchukua kitu. Akitoka B-11 kwenda C-04 anatembea mita 13 bure, na C-12 hadi D-05 mita 11. Umbo lake kwenye karatasi ni mistari mirefu inayounganisha mwisho wa korido moja na mwanzo wa nyingine.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo zima. Anwani ya rafu imetengenezwa ili mtu aipate rafu. Haikutengenezwa ili kueleza mguu unapita wapi kwanza. Ukiilazimisha ifanye kazi zote mbili, utaishia kubadilisha anwani za rafu kila unapobadilisha njia, na hilo ni balaa kwa stoo yoyote. Iache anwani ilivyo, ongeza safu nyingine pembeni: namba ya mwendo. Orodha ipangwe kwa namba hiyo, ila mchukuaji asome anwani.

Katika stoo yenye mapito mbele na nyuma, mwendo wa kawaida ni wa kupanda korido moja na kushuka inayofuata. Kwa hiyo korido A na C zihesabiwe kutoka mbele kwenda nyuma, B na D kutoka nyuma kuja mbele. Ikiwa anwani iko A2, weka namba ya korido kwenye B2, namba ya rafu kwenye C2, na namba ya mwendo kwenye safu nyingine yoyote:

```
B2:  =CODE(LEFT(A2,1))-64
C2:  =VALUE(MID(A2,3,2))
mwendo:  =IF(ISODD(B2), B2*100+C2, B2*100+99-C2)
```

B-11 inapata 288 na B-02 inapata 297, kwa hiyo B-11 inatangulia. Oda yetu sasa inasomeka A-03, A-10, B-11, B-02, C-04, C-12, D-09, D-05. Hesabu ni rahisi: korido nne za mita 13, jumla 52, ongeza mita 6 za kwenda pembeni hadi D na mita 6 za kurudi mezani. Mita 64. Bidhaa ni zilezile, rafu ni zilezile, na hakuna kilichohamishwa.

Kuna stoo ambayo tiba hii haisaidii: ile ambayo korido zake zimezibwa nyuma na ukuta. Humo mtu analazimika kutoka alikoingilia, kwa hiyo kila korido inamgharimu mara mbili ya umbali wa rafu ya ndani kabisa anayoihitaji. Uichukue B-02 wakati wa kuingia au wakati wa kutoka, hatua ni zilezile. Kilichobaki cha kufanya na orodha ni kuhakikisha mistari ya korido moja iko pamoja, nawe nguvu zako zielekee kwenye kusogeza bidhaa zinazotoka kila siku ziwe rafu za mbele.

Dalili: oda kubwa zinakwenda vizuri, ndogo zinazunguka

Tatizo hili hujitokeza baada ya kuweka namba ya mwendo, na huwachanganya watu kwa sababu orodha za oda kubwa zinaonekana safi kabisa.

Chukua oda yenye A-03, A-10, C-04 na C-12 pekee. Haina kitu korido B. Kwa namba zetu za mwendo, A ni ya kupanda na C pia ni ya kupanda. Mchukuaji anamaliza A akiwa nyuma, halafu orodha inamtaka C-04 kwanza. Anaingia C kwa nyuma, anapita C-12 bila kuichukua, anafika C-04, kisha anarudi tena C-12. Jumla mita 50. Angeisoma C kinyume, C-12 kisha C-04, angetembea mita 34.

Chanzo ni kwamba tumeamua mwelekeo wa korido kwa kuangalia nafasi yake katika stoo, ilhali ulipaswa kuamuliwa kwa nafasi yake katika oda hiyo. Katika oda hii C ni korido ya pili kutembelewa, kwa hiyo ni ya kushuka.

Kama orodha zako zinatoka kwenye hifadhidata, hesabu zamu ya korido ndani ya oda yenyewe:

```sql
WITH m AS (
  SELECT *, DENSE_RANK() OVER (ORDER BY korido) AS zamu
  FROM mistari WHERE oda = 1
)
SELECT * FROM m
ORDER BY korido,
  CASE WHEN zamu % 2 = 1 THEN rafu ELSE -rafu END;
```

Kwenye matoleo mapya ya Excel unaweza kupata zamu hiyo kwa fomula ifuatayo kwenye D2, kisha ukabadilisha `ISODD(B2)` kuwa `ISODD(D2)` katika fomula ya mwendo. Hapa mistari ya oda iko kuanzia mstari wa 2 hadi wa 9:

```
=MATCH(B2,SORT(UNIQUE(B$2:B$9)),0)
```

Ipo njia isiyohitaji fomula yoyote, nami naipenda kwa stoo ndogo. Chapisha orodha ikiwa na mstari mnene unaotenganisha korido moja na nyingine, na umfundishe mchukuaji kwamba kundi la korido moja linaweza kusomwa kutoka juu kwenda chini au chini kwenda juu, kutegemea ameingilia wapi. Watu huelewa hili kwa siku moja.

Dalili: korido ileile inapitwa mara mbili au tatu mfululizo

Hapa mchoro unaonyesha mistari iliyolaliana ndani ya korido moja. Vyanzo ni viwili, na unavitofautisha kwa kutazama kinachobadilika kila anaporudi.

Kama kila mzunguko ni wa ngazi tofauti, yaani kwanza vya chini vyote, kisha vya katikati, kisha vya juu, basi ngazi imetangulia rafu katika anwani. Anwani kama A-2-07, ikimaanisha korido A, ngazi ya 2, rafu ya 7, ikipangwa hivyohivyo humpeleka mtu korido nzima kwa kila ngazi. Mkono unafika ngazi zote mtu akiwa amesimama mahali pamoja, kwa hiyo ngazi haistahili kutangulia. Iweke mwisho wa upangaji, na kama anwani tayari zimebandikwa hivyo, usizibandue. Chopoa namba ya rafu peke yake kwa fomula na uitumie kwenye namba ya mwendo.

Kama kila mzunguko ni wa upande tofauti, tatizo liko kwenye namba za rafu zinazotazamana. Stoo nyingi huhesabu rafu kwa kupanda upande wa kushoto na kurudi upande wa kulia: 1 hadi 12 kushoto, kisha 13 nyuma kabisa kulia hadi 24 mbele. Rafu ya 1 inatazamana na ya 24. Katika korido nyembamba, ambayo mtu anageuka tu kuchukua upande wa pili, orodha hii inampandisha na kumshusha bila sababu. Namba ya mwendo inapaswa kuzipa rafu zinazotazamana kina kimoja. Kwa rafu zilizozidi 12, kina ni 25 ukitoa namba ya rafu. Rafu ya 24 inakuwa kina cha 1, ya 13 inakuwa kina cha 12:

```
=IF(C2>12, 25-C2, C2)
```

Tumia kina hiki badala ya namba ya rafu katika fomula ya mwendo. Ila pima korido yako kwanza. Kama ni pana kiasi kwamba kuvuka na toroli ni kazi, basi kupanda upande mmoja na kushuka mwingine ndiyo njia nzuri, na hesabu ya zamani ilikuwa sahihi.

Dalili: mstari mmoja peke yake unatoka nje ya njia

Orodha yote imenyooka isipokuwa bidhaa moja iliyoko korido A inayotokea mwishoni kabisa, au juu kabisa ya orodha. Hili si kosa la upangaji, ni la maandishi. Anwani imeandikwa na nafasi tupu mbele, au herufi O mahali pa sifuri, au haikujazwa kabisa. Macho hayaoni tofauti kati ya A-03 na A-O3 kwenye karatasi, kwa hiyo usitegemee macho. Anwani zote zikiwa na herufi nne, `=LEN(A2)` itafichua zenye nafasi tupu, na fomula ya `VALUE` tuliyotumia juu itatoa kosa kwenye yenye herufi O.

Anwani isiyojazwa hukaa mahali tofauti kutegemea programu. Excel huipeleka chini daima. PostgreSQL nayo huiweka mwisho ukipanga kwa kupanda, ilhali MySQL na SQLite huiweka mwanzo. Ukihamisha data kutoka moja kwenda nyingine, bidhaa iliyokuwa ikitokea chini inaweza kuanza kutokea juu ingawa hakuna aliyeigusa.

Kosa baya zaidi la aina hii ni anwani iliyoandikwa vizuri ila ni ya bidhaa nyingine. Mtu anafika kwenye rafu na hakikuti kitu. Kabla ya kudhani bidhaa imehamishwa, tazama kama orodha inavuta anwani kwa `VLOOKUP` isiyo na `FALSE` mwishoni. Ikikosa neno hilo, fomula hutafuta kinachokaribiana, na kama orodha ya bidhaa haijapangwa, hukuletea anwani ya bidhaa nyingine kimyakimya.

Dalili: mchukuaji mzoefu hafuati orodha, na anamaliza mapema

Usimkemee. Mfuate kwa nyuma na uchore anapopita, maana huenda anajua jambo ambalo orodha yako haijalijua.

Kwa oda yetu ya kwanza, mtu wa namna hii angefanya hivi. Anapanda A na kuchukua A-03 na A-10. Akiwa kwenye mapito ya nyuma, anaacha toroli kwenye mdomo wa B, anaingia hatua chache kuchukua B-11 na kutoka tena. Anafanya vivyo hivyo kwa C-12. Anashuka D akichukua D-09 na D-05. Akirudi kwa mapito ya mbele anachungulia C kuchukua C-04, kisha B kuchukua B-02, na yuko mezani. Jumla mita 56, pungufu kwa mita 8 kuliko mwendo wa kupanda na kushuka.

Orodha yetu isingeweza kutoa njia hiyo, kwa sababu inaweka mistari ya korido moja pamoja, naye ameigawa B na C vipande viwili. Kinachomruhusu ni pengo. Kati ya B-02 na B-11 kuna mita 9 ambazo hahitaji kitu. Kupita korido nzima ni mita 13. Kuingia na kutoka pande zote mbili ni mara mbili ya kile kinachobaki nje ya pengo, yaani mita 8. Kwa hiyo kila pengo linapozidi nusu ya korido, hapa mita 6 na nusu, kuchungulia kunashinda kupita moja kwa moja. Kanuni hii ni ya korido za katikati. Ya kwanza na ya mwisho lazima zipitwe ili mtu afike nyuma na arudi mbele.

Ukitaka orodha ifuate mtindo huo bila hesabu nzito, gawa korido za katikati kwa nusu: rafu za 7 hadi 12 zipate namba ya mwendo ya safari ya nyuma, za 1 hadi 6 zipate namba ya safari ya kurudi mbele. Inafaa kwa oda zenye mstari mmoja au miwili kwa korido. Oda ikijaa, yenye mistari minne au mitano katika kila korido, mapengo yanakwisha na mwendo wa kupanda na kushuka unarudi kuwa bora.

Mwaka 1983 watafiti Ratliff na Rosenthal walionyesha kwamba katika ghala la mstatili lenye korido sambamba, njia fupi kabisa inaweza kupatikana kwa hesabu, bila kujaribu mipangilio yote. Kwa stoo ya korido nne, kanuni mbili hizi zinakufikisha karibu nayo, na zina faida kwamba mtu anaweza kuzikumbuka akiwa na toroli mkononi.

Lakini mara nyingine mzoefu haruki mistari kwa ajili ya kufupisha njia. Mtazame anachokichukua kwanza. Kama ni katoni nzito kila mara, basi anajua kwamba zikija mwisho ataziweka juu ya vitu vya kuvunjika, au atalazimika kupanga toroli upya katikati ya korido. Ukipeleka mistari mizito juu ya orodha kwa nguvu, utamrudishia zigizaga uliyoiondoa. Hamisha vitu vyenyewe: vizito vikae korido A, ambayo njia huanzia, na vyepesi au vya kuvunjika vikae D. Kisha badilisha anwani zake kwenye orodha ya bidhaa siku hiyohiyo, kabla oda nyingine haijachapishwa.